Mashine mbili za alizeti, vipimo vitatu: NPV, IRR na ARR zinapogombana ndani ya swali moja

Kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida kinataka mashine mpya. Banda lina nafasi ya mashine moja tu, kwa hiyo wakichagua moja wameiacha nyingine. Ipo ndogo na ipo kubwa, na zote zinatarajiwa kufanya kazi miaka minne. Swali hili nimelitunga mwenyewe kwa sura ya maswali ya mtihani wa CPA, yale wanayokutana nayo watahiniwa wa NBAA Tanzania na wa KASNEB Kenya. Nimezichagua namba zake kwa makusudi, ili vipimo vitatu vinavyofundishwa kila siku visikubaliane.

Taarifa tunazopewa ni hizi, zote kwa milioni za shilingi:

| | Mashine ndogo | Mashine kubwa |
|---|---|---|
| Bei ya kununua | 60 | 120 |
| Thamani ya mabaki mwishoni mwa mwaka wa 4 | 4 | 20 |
| Faida ya mwaka wa 1 | 14 | 9 |
| Faida ya mwaka wa 2 | 10 | 15 |
| Faida ya mwaka wa 3 | 6 | 20 |
| Faida ya mwaka wa 4 | 2 | 24 |

Faida hizo zimepatikana baada ya kutoa uchakavu, unaokokotolewa kwa kiasi sawa kila mwaka. Gharama ya mtaji ni asilimia 12. Kodi imeachwa nje. Mtahiniwa anaambiwa akokotoe kiwango cha marejesho cha kihasibu, yaani ARR, kiwango cha ndani cha marejesho, yaani IRR, na thamani halisi ya sasa, yaani NPV. Mwisho amshauri mwenye kiwanda anunue ipi.

Tuanze na ARR, kwa kuwa ndiyo pekee inayotumia faida kama ilivyoandikwa. Jumla ya faida za mashine ndogo ni milioni 32, na ukigawa kwa miaka minne unapata wastani wa milioni 8. Za mashine kubwa ni milioni 68, wastani wake milioni 17. Sasa tugawe kwa mtaji uliowekezwa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza alama. Mtaji wa wastani ni bei ya kununua ukijumlisha thamani ya mabaki, kisha ukagawa kwa mbili. Kujumlisha, si kutoa. Watahiniwa hutoa mabaki kwa sababu ndivyo walivyofanya walipokuwa wakitafuta uchakavu, na mkono unarudia mazoea. Lakini tunachotafuta hapa ni katikati ya thamani ya vitabuni siku ya kwanza na thamani ya vitabuni siku ya mwisho. Kwa mashine ndogo hiyo ni katikati ya 60 na 4, yaani 32. Kwa kubwa ni katikati ya 120 na 20, yaani 70.

Kwa hiyo ARR ya mashine ndogo ni 8 kwa 32, sawa na asilimia 25. Ya kubwa ni 17 kwa 70, asilimia 24.3. Ndogo inaongoza kwa nywele.

Lakini kuna maswali yanayotaka ugawe kwa mtaji wa mwanzo badala ya mtaji wa wastani, na njia hiyo nayo inakubalika. Tukifanya hivyo, ndogo inakuwa 8 kwa 60, asilimia 13.3, na kubwa 17 kwa 120, asilimia 14.2. Kubwa sasa ndiyo inayoongoza. Hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka au kupungua kwenye mradi wowote, ila mshindi amegeuka kwa sababu tumebadilisha namba ya chini ya mgawanyo. Ndiyo maana swali lililotungwa vizuri hutaja ni mtaji upi utumike, na lisipotaja, mtahiniwa anapaswa kuandika wazi ametumia upi kabla hajaanza kukokotoa.

Udhaifu wa pili wa ARR unaonekana ukizipindua faida za mashine ndogo. Tuseme zije 2, 6, 10, 14 badala ya 14, 10, 6, 2. Wastani unabaki milioni 8 na ARR inabaki asilimia 25. Ila mwenye kiwanda sasa anasubiri miaka mingi zaidi kupata fedha zilezile, na hilo lina gharama ambayo ARR haioni. Nitairudia hesabu hiyo baada ya kufika kwenye NPV, ili tuione gharama hiyo kwa shilingi.

NPV na IRR hazitumii faida, zinatumia fedha taslimu. Uchakavu ni maandishi ya kihasibu tu, hakuna mtu anayelipwa uchakavu kila mwaka, kwa hiyo lazima urudishwe juu ya faida. Uchakavu wa mashine ndogo ni 60 kutoa 4, gawa kwa 4, yaani milioni 14 kwa mwaka. Wa kubwa ni 120 kutoa 20, gawa kwa 4, yaani milioni 25. Tukirudisha kiasi hicho kila mwaka na kuongeza mabaki katika mwaka wa nne, mtiririko wa fedha unakuwa hivi:

| Mwaka | Kigezo cha punguzo, 12% | Ndogo | Kubwa |
|---|---|---|---|
| 0 | 1.000 | (60) | (120) |
| 1 | 0.893 | 28 | 34 |
| 2 | 0.797 | 24 | 40 |
| 3 | 0.712 | 20 | 45 |
| 4 | 0.636 | 20 | 69 |

Ukizidisha kila mstari kwa kigezo chake na kujumlisha, fedha zitakazoingia kwa mashine ndogo zina thamani ya leo ya milioni 71.09. Toa 60, NPV ni milioni 11.09. Kwa kubwa, thamani ya leo ni milioni 138.17. Toa 120, NPV ni milioni 18.17. Kwa kipimo hiki mashine kubwa inashinda kwa zaidi ya milioni 7.

Ile hesabu ya kupindua faida za mashine ndogo sasa inawezekana. Fedha zingekuja 16, 20, 24 na 32, na NPV ingeshuka kutoka milioni 11.09 hadi 7.67. Hizo milioni 3.4 ndizo bei ya kusubiri, na ARR ilikuwa imesema mambo yote ni sawa.

Anayefanya hesabu kwenye kompyuta ajihadhari na jambo moja. Kazi ya Excel iitwayo NPV huchukulia kwamba namba ya kwanza unayoipa inapatikana mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiipa na gharama ya leo ndani yake, kila kitu kinapunguzwa kwa mwaka mmoja wa ziada. Gharama ya leo ikiwa kwenye B2 kama namba hasi na fedha za miaka minne zikiwa B3 hadi B6, namna sahihi ni hii:

```
=NPV(12%,B3:B6)+B2
=IRR(B2:B6)
```

Kwa mashine kubwa mstari wa kwanza unatoa 18.13, si 18.17, kwa sababu vigezo vya kwenye jedwali la mtihani vimekadiriwa hadi tarakimu tatu. Tofauti hiyo haina madhara. Lakini ukiona 16.18 au karibu yake, ujue umeingiza B2 ndani ya mabano.

Sasa IRR, kiwango cha punguzo kinachoifanya NPV iwe sifuri. Bila kompyuta, mtahiniwa hukokotoa NPV kwa viwango viwili na kukisia katikati yao kwa mstari ulionyooka. Tayari tunayo NPV ya asilimia 12, kwa hiyo tuchukue asilimia 25 kuwa kiwango cha pili. Mashine ndogo inakuwa na NPV ya hasi 3.8, kubwa hasi 15.87. Kwa ndogo:

```
IRR = 12% + [11.09 / (11.09 + 3.80)] x (25% - 12%) = 21.7%
```

Kwa kubwa, hesabu hiyohiyo inatoa asilimia 18.9. Majibu haya mawili yako juu kidogo ya ukweli, kwani IRR halisi ni takriban asilimia 21.1 na asilimia 18.2. Sababu ni kwamba NPV ya mradi wa kawaida haishuki kwa mstari ulionyooka kadiri kiwango kinavyopanda. Inashuka kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na mchoro wake unabonyea kuelekea chini. Mstari unaounganisha pointi mbili hupita juu ya mchoro huo, hivyo hukata sifuri upande wa kulia zaidi. Kadiri viwango viwili vinavyokuwa mbali, ndivyo kosa linavyokua. Ukitumia asilimia 18 na 19 kwa mashine kubwa, kosa linakaribia kupotea kabisa. Msahihishaji kwa kawaida anakubali jibu la viwango vyovyote vyenye busara mradi njia ionekane, lakini kwenye kazi halisi nusu asilimia inaweza kuwa ndiyo mjadala wenyewe.

Basi IRR inasema nunua ndogo, asilimia 21 dhidi ya 18. NPV inasema nunua kubwa, milioni 18 dhidi ya 11. ARR inajibu kutegemea namna ulivyoiuliza. Watahiniwa wengi wakifika hapa huandika sentensi moja waliyoikariri, kwamba NPV ni bora kwa sababu inapima ongezeko la utajiri wa wenye hisa, kisha wanafunga daftari. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haimsaidii mwenye kiwanda anayeuliza swali la haki kabisa: kwa nini niache asilimia 21 nichukue 18?

Jibu liko kwenye tofauti ya mashine hizi mbili. Kununua kubwa ni sawa na kununua ndogo, kisha kuongeza milioni 60 nyingine ili upate kile kilichozidi. Tuichukue hiyo nyongeza kama mradi unaojitegemea. Leo unatoa 60. Mwaka wa kwanza unapata 34 kutoa 28, yaani 6. Wa pili 16, wa tatu 25, wa nne 49. Kwa asilimia 12, thamani ya leo ya fedha hizo ni milioni 67.07, hivyo NPV ya nyongeza ni milioni 7.07, ambayo ndiyo tofauti kamili kati ya 18.17 na 11.09, ukiacha kukadiria kwa tarakimu. IRR ya nyongeza ni takriban asilimia 16.1. Kwa maneno mengine, milioni 60 za kwanza zinaleta asilimia 21, na milioni 60 za pili zinaleta asilimia 16. Asilimia 18 ya mashine kubwa ni mchanganyiko wa hizo mbili, na ndiyo maana inaonekana dhaifu. Lakini mtaji unagharimu asilimia 12, na asilimia 16 bado iko juu yake. Kuikataa nyongeza hiyo ni kuacha fedha mezani kwa sababu tu zinakuja na asilimia ndogo kuliko za mwanzo. Fikra hii ya kupima tofauti badala ya kushindanisha asilimia mbili si ya vitabu vya mitihani tu, mchumi Irving Fisher aliiweka kwenye uchumi mwaka 1930.

Napenda kuihakiki kwa njia nyingine pia, kwa sababu hoja ya nyongeza husikika kama ujanja wa hesabu. Tuseme mwenye kiwanda ana milioni 120 mkononi, na fedha yoyote isiyotumika anaweza kuiweka mahali inapozaa asilimia 12. Akinunua kubwa na kuwekeza kila kinachoingia kwa asilimia 12 hadi mwisho wa mwaka wa nne, atakuwa na takriban milioni 217.3. Akinunua ndogo, fedha zake zilizoingia zitakuwa zimefika milioni 111.8, na zile milioni 60 zilizobaki zitakuwa zimekua hadi milioni 94.4. Jumla ni milioni 206.2. Mashine kubwa inamwacha na milioni 11 zaidi mwishoni mwa mwaka wa nne, ambazo ukizirudisha leo kwa asilimia 12 zinakuwa zilezile milioni 7. IRR ya asilimia 21 ingemfaa kweli kama angepata pa kuwekeza milioni 60 zilizobaki na mapato ya kila mwaka kwa asilimia 21 vilevile. Swali halijampa mahali hapo.

Hii asilimia 16 inafanya kazi nyingine muhimu kwenye ushauri. Ndiyo kiwango ambacho mashine zote mbili zina NPV sawa, takriban milioni 5.7 kila moja. Gharama ya mtaji ikiwa chini ya hapo, NPV inachagua kubwa. Ikivuka juu, NPV na IRR zinakubaliana kuchagua ndogo. Kwa asilimia 18, kwa mfano, ndogo ina NPV ya milioni 3.45 na kubwa nusu milioni tu. Kwa hiyo mgongano wa vipimo haupo muda wote. Upo pale gharama ya mtaji inapokuwa chini ya makutano hayo, na mtahiniwa anayejua yako wapi anaweza kusema ushauri wake unadumu hadi wapi. Kwa kiwanda halisi cha Tanzania jambo hili ni zito, maana riba ya jumla ya mikopo ya benki za biashara kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 15 hadi 16. Kiwanda kinachotegemea mkopo mtupu kinasimama karibu kabisa na makutano, na asilimia 12 ya kwenye swali inabidi ihojiwe kabla ya kuaminiwa.

Kuna hali nyingine ambayo IRR inashindwa kabisa, nayo haipo kwenye kisa chetu kwa sababu fedha hapa zinatoka mara moja mwanzoni kisha zinaingia tu. Kama mradi unadai fedha tena mwishoni, kama machimbo yanayotakiwa kufukiwa na kupandwa miti yakifungwa, kunaweza kuwa na IRR mbili. Mradi unaotoa 100 leo, ukaingiza 230 mwaka wa kwanza na kutoa 132 mwaka wa pili una IRR ya asilimia 10 na ya asilimia 20, zote sahihi. Ukiona alama ya kutoa inarudi chini ya mtiririko, tumia NPV na usihangaike na asilimia.

Turudi Singida, kwa sababu NPV nayo haijamaliza kazi. Milioni 18.17 imejengwa juu ya nini? Angalia mwaka wa nne wa mashine kubwa: kati ya milioni 69 zinazoingia, 20 ni mabaki, bei ambayo mtu anakisia leo kwamba mashine iliyotumika miaka minne itauzwa. Thamani ya leo ya hizo 20 ni milioni 12.72. Mashine zote mbili zikikosa mnunuzi na kubaki vyuma chakavu visivyo na bei, NPV ya kubwa inashuka hadi milioni 5.45 na ya ndogo hadi 8.55. Mshindi anageuka. Tukiiacha ndogo ilivyo, faida ya milioni 7.07 iliyonayo kubwa inafutika mabaki yake yakipungua kwa milioni 11.1, kwa maana 7.07 gawa kwa 0.636. Yaani mashine kubwa inabaki kuwa chaguo bora maadamu itauzwa kwa si chini ya milioni 8.9 baada ya miaka minne.

Hapo ndipo jibu la swali linapopata uzito. Tukiliandika kama linavyopaswa kuonekana kwenye karatasi, linasomeka hivi: Nunua mashine kubwa, kwa sababu kwa gharama ya mtaji ya asilimia 12 inaongeza milioni 7.07 zaidi ya ndogo. IRR ya ndogo ni kubwa zaidi kwa sababu mtaji wake ni nusu na fedha zake zinarudi mapema, lakini milioni 60 za nyongeza zinaleta takriban asilimia 16, juu ya gharama ya mtaji. ARR haikutumika kufanya uamuzi kwa kuwa haijali wakati na jibu lake linageuka kulingana na mtaji unaotumika kugawa. Ushauri huu unabadilika na kuwa mashine ndogo endapo gharama ya mtaji itazidi takriban asilimia 16, au endapo mabaki ya kubwa yatakadiriwa chini ya milioni 8.9. Kabla ya kulipa, mwenye kiwanda aulize wauzaji wa mashine zilizotumika zinauzwaje kwa sasa zikiwa na umri wa miaka minne.